Baki limezidi kigawanyo: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Mwanafunzi wa gredi ya 5 hapa Mombasa ameandika hivi:

"Shikamoo mwalimu. Niligawanya 50 kwa 6 nikapata 7 baki 8. Nikakagua kama tulivyofundishwa: 7 mara 6 ni 42, ukiongeza 8 ni 50. Ikatimia. Lakini nimewekewa kosa na kuandikiwa kwamba baki lazima liwe dogo kuliko kigawanyo. Kwa nini lazima, ikiwa hesabu inatimia? Na kama baki linaweza kuwa 0, kwa nini lisiwe 6?"

Swali hili ni la haki kabisa, na jibu la "ndiyo kanuni" halimtoshi. Mwanafunzi huyu amekagua kazi yake, ukaguzi ukampa 50, na bado amekosa. Mwongozo huu unaanza na dalili yake hiyo, kisha unapitia makosa mengine ya baki ambayo hujirudia kwenye madaftari. Kila dalili ina chanzo chake, kile kinachotokea zaidi kikitangulia.

Tutatumia majina manne. Kwenye 50 ÷ 6, 50 ni idadi inayogawanywa, 6 ni kigawanyo, jibu la mafungu kamili huitwa hisa, na kinachosalia ni baki.

Dalili ya kwanza: baki ni kubwa kuliko kigawanyo, au limelingana nacho

Usirekebishe chochote kabla ya kukagua. Zidisha hisa kwa kigawanyo, ongeza baki, utazame kama umerudi kwenye idadi ya mwanzo. Ukaguzi huu ndio unaokwambia ugonjwa ni upi. Ukitimia, hesabu zako ni sahihi ila hukumaliza kugawanya. Usipotimia, umekosea kuzidisha au kutoa, na dawa yake ni nyingine.

*Chanzo kinachotokea zaidi: umesimama mapema.* Hiki ndicho kilichompata mwandishi wa barua. Amepanda jedwali la 6 hadi 42, hakuwa na uhakika na 48, akatua hapo.

Chukua sinia lenye mahamri 50 na mifuko ya khaki, kila mfuko unaingia mahamri 6. Jaza mifuko 7. Mahamri 42 yameingia mifukoni, 8 yako kwenye sinia. Sasa akitokea mteja mwingine anayetaka mfuko wenye mahamri 6, utamwambia yamekwisha? Mahamri 8 yanajaza mfuko mmoja na mawili yanasalia. Basi mifuko kamili ni 8, na kwenye sinia yanabaki 2. Hapo mteja akija, kweli huna mfuko wa kumpa.

Hiyo ndiyo maana ya baki: kile ambacho hakitoshi tena kufanya fungu jingine. Mahamri 8 yanatosha, kwa hiyo si baki bado, ni kazi iliyosalia. Hata ukigeuza swali useme unawagawia watu 6, mambo ni yale yale. Kila mtu ana 7 na sinia lina 8, nawe bado unaweza kumwongeza kila mmoja hamri moja.

Marekebisho: toa kigawanyo kutoka kwenye baki, kisha ongeza 1 kwenye hisa. 8 − 6 = 2, na 7 + 1 = 8. Baki likiwa bado kubwa, rudia. Ukiona umerudia mara tatu au nne, lifute ulianze upya, maana kadirio lako la kwanza lilikuwa mbali mno.

Sasa kiini cha barua: kwa nini ukaguzi ulitimia? Kwa sababu ukaguzi unauliza jambo moja tu, yaani kama mahamri yote yamehesabiwa. Hauulizi kama mifuko imejazwa kadiri inavyowezekana. Tazama mistari hii, yote inatimia:

```
50 = 6 × 8 + 2
50 = 6 × 7 + 8
50 = 6 × 6 + 14
50 = 6 × 5 + 20
50 = 6 × 0 + 50
```

Mstari wa mwisho unasema hujajaza hata mfuko mmoja, na nao unatimia. Kama kila mstari ungekubaliwa kuwa jibu, wanafunzi tisa wangeleta majibu tisa ya 50 ÷ 6 na wote wangepewa tiki. Sharti la baki ndilo linalochagua mstari mmoja. Kwa kigawanyo 6, baki linaruhusiwa kuwa 0, 1, 2, 3, 4 au 5 tu, na mstari wenye baki la aina hiyo ni mmoja peke yake.

Unajuaje hakuna wa pili? Kila unapofungua mfuko mmoja na kuurudisha kwenye sinia, sinia linaongezeka 6. Kwa hiyo baki la mstari mmoja na baki la mstari mwingine hupishana kwa 6, 12, 18 na kuendelea. Lakini kati ya 0 na 5 hakuna nambari mbili zinazopishana kwa 6. Mbili haziwezi kuingia humo pamoja.

Hilo pia linajibu swali la pili la barua. Baki 0 na baki 6 zimepishana kwa 6 kamili, hivyo ukiziruhusu zote mbili, hesabu ya 48 ÷ 6 itakuwa na majibu mawili: 8 baki 0, na 7 baki 6. Lazima moja itoke. Inatoka 6, kwa sababu mahamri 6 ni mfuko mzima ambao haujafungwa tu.

*Chanzo cha pili: kusoma "lisizidi" badala ya "liwe dogo".* Mwanafunzi anaona baki 6 na kigawanyo 6, anasema 6 haijazidi 6, anaiacha. Sharti ni dogo kuliko, si dogo au sawa. Kigawanyo kikiwa 6, baki kubwa kabisa ni 5. Kikiwa 9, ni 8. Njia rahisi ni kuandika pembeni ya swali, kabla ya kuanza, nambari iliyo moja chini ya kigawanyo. Hiyo ndiyo dari yako.

*Chanzo cha tatu: kosa la kutoa.* Hapa ukaguzi hautimii. Mwanafunzi amepata hisa 8, sawasawa, kisha anatoa 50 − 48. Kwenye mamoja anaona 0 na 8, anageuza na kutoa 0 kutoka 8, anapata 8. Kwenye makumi 5 − 4 ni 1. Anaandika 8 baki 18.

Tahadhari: usimwambie "baki ni kubwa, ongeza hisa." Akitii, atatoa 6 mara tatu kutoka 18, ataishia na 11 baki 0, jibu lenye sura safi ambalo ni kosa tupu, kwa sababu 11 mara 6 ni 66. Ndiyo maana ukaguzi unatangulia: 8 × 6 + 18 ni 66, si 50. Rudi kwenye kutoa, kopa kumi moja, 50 − 48 ni 2. Hisa ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Dalili ya pili: jibu limekuwa refu kupita kiasi kwenye njia ndefu

Swali: nazi 745 zigawiwe wachuuzi 6. Mwanafunzi analeta 1114 baki 1. Kila mchuuzi apate nazi zaidi ya elfu moja wakati zote ni 745? Jibu kama hili huonekana bovu kwa jicho tu, lakini chanzo chake kimejificha katikati ya kazi, na chanzo hicho ni sharti lile lile la baki.

Tufuate mkono wake. Mamia 7 kwa 6 ni 1, baki 1. Anashusha 4, anapata 14. Hapa anakadiria chini: 14 kwa 6 anaandika 1, baki 8. Hakulinganisha 8 na 6. Anashusha 5, anapata 85. Anagawanya 85 kwa 6, anapata 14 baki 1, na kuiandika 14 yote kwenye nafasi ya mamoja. Ndipo inapotokea 1, 1, 14.

Jambo la kuangalia kwa makini ni kwamba hakupoteza hata nazi moja. Mia 1, kumi 1 na mamoja 14, ukijumlisha, ni 124, na 124 baki 1 ndilo jibu sahihi. Kosa liko kwenye maandishi: nafasi ya mamoja inabeba tarakimu moja tu, naye ameijaza mbili, hivyo nambari nzima ikasukumwa upande.

Kazi ikifanywa sawa, inakaa hivi:

```
    1 2 4   baki 1
    -----
6 ) 7 4 5
    6
    -
    1 4
    1 2
    ---
      2 5
      2 4
      ---
        1
```

Sasa tazama kwa nini sharti la baki linailinda kila nafasi. Ukigawanya kwa 6 na kutii sharti, baki kubwa unaloweza kuwa nalo ni 5. Tarakimu kubwa unayoweza kushusha ni 9. Nambari kubwa kabisa itakayokaa mbele yako ni 59, na 59 kwa 6 ni 9 baki 5. Tisa ni tarakimu moja, inaingia. Lakini ukiachia baki 6, hata ukishusha 0 tu unapata 60, na 60 kwa 6 ni 10. Tarakimu mbili, nafasi moja. Ni hivyo hivyo kwa kigawanyo chochote. Baki likiwa chini yake, huvuki 9. Likifikia kulingana nacho, umeshafika 10. Njia ndefu nzima imesimama juu ya jambo hili, nasi tunaona ni kosa kumfundisha mtoto kushusha tarakimu bila kumwonyesha.

Marekebisho: linganisha baki na kigawanyo kila baada ya kutoa, kabla ya kushusha. Si mwisho wa swali tu. Ukiwa tayari umeshashusha na ukapata 10 au zaidi kwenye nafasi moja, usibebe mbele kwa kubahatisha. Rudi hatua moja nyuma, ongeza 1 kwenye tarakimu iliyotangulia, utoe upya.

Dalili ya tatu: baki limetoka kwenye kikokotoo

Mtoto anagawanya 50 kwa 4 kwenye simu, anaona 12.5, anaandika 12 baki 5. Baki 5 kwa kigawanyo 4 limevunja sharti, na ukaguzi nao haukubali: 12 × 4 + 5 ni 53.

Tarakimu iliyo baada ya nukta si baki. Ni sehemu ya fungu. Hiyo .5 ni nusu ya fungu la 4, yaani 2. Zidisha sehemu hiyo kwa kigawanyo: 0.5 × 4 = 2. Jibu ni 12 baki 2.

Hatari zaidi ni pale kosa hili linapopita bila kuvunja sharti. 50 ÷ 6 kwenye kikokotoo ni 8.333 na kuendelea, mtoto anaandika 8 baki 3. Tatu ni ndogo kuliko sita, kila kitu kinaonekana sawa, lakini 8 × 6 + 3 ni 51. Na ukizidisha 0.333 kwa 6, kikokotoo kitakuonyesha 1.998. Usiandike hiyo. Kikokotoo kimekata tarakimu za mwisho. Shika 8 kamili, rudi kwenye idadi: 50 − 48 = 2.

Dalili ya nne: baki ni dogo, sharti limetimia, lakini jibu limekataliwa

Sharti la baki halitoshi peke yake. Ni nusu ya mtihani, nusu nyingine ni ukaguzi. Vyanzo viwili hujirudia.

Cha kwanza ni sufuri iliyorukwa. 618 ÷ 6: mamia 6 kwa 6 ni 1, baki 0. Shusha 1. Moja haimtoshi sita, mwanafunzi anashusha 8 papo hapo, 18 kwa 6 ni 3, anaandika 13. Baki 0, safi. Lakini 13 × 6 ni 78. Kila tarakimu inayoshushwa lazima ijibiwe juu, hata kama jibu ni 0. Hapa ni 103.

Cha pili ni kukata sufuri. Una shilingi 600, daftari moja ni shilingi 70. Mtoto anakata sufuri mojamoja, anagawanya 60 kwa 7, anapata 8 baki 4, anasema chenji ni shilingi 4. Hisa 8 ni sahihi. Chenji siyo. Ukikata sufuri umeacha kuhesabu shilingi, unahesabu noti na sarafu za makumi. Yaliyobaki ni makumi 4, yaani shilingi 40. Ukaguzi unathibitisha: 8 × 70 + 40 = 600. Ukikata sufuri kwenye swali, irudishe kwenye baki, lakini usiirudishe kwenye hisa.

Dalili ya tano: jibu ni sahihi, mwanafunzi analifuta

Hii inauma kuiona, kwani anayefuta mara nyingi ndiye anayejitahidi kufuata kanuni. Amegawanya 47 kwa 8, amepata 5 baki 7. Anaona 7 ni kubwa kuliko 5, anafuta. Amelinganisha baki na hisa. Baki linalinganishwa na kigawanyo tu, na 7 ni ndogo kuliko 8. Hisa iache.

Ndugu wa kosa hili ni 5 ÷ 8. Wengi husema haiwezekani, au hugeuza wakagawanya 8 kwa 5. Inawezekana: mahamri 5, kila mfuko unaingia 8, mifuko kamili ni 0, na yote 5 yamebaki kwenye sinia. 0 baki 5.

Kwa aliyezoea kuhesabu siku, kuna jaribio jingine. Leo ni Jumatatu, siku 100 zijazo itakuwa siku gani? Gawanya kwa 7: 14 baki 2. Wiki 14 zinakurudisha Jumatatu, kisha unasonga siku 2. Tatu na mbili ni tano, ni Jumatano. Aliyeandika 13 baki 9 atasonga siku 9 kutoka Jumatatu, naye atapita Jumatatu nyingine njiani. Wiki hiyo aliyoipita ndiyo aliyosahau kuihesabu kwenye hisa.

Wakati wa kusimama na kumwendea mwalimu

Simama ukikutana na kugawanya kwa 0. Usibahatishe, wala usiandike 0. Sharti lenyewe linakuonyesha tatizo: baki lingetakiwa kuwa dogo kuliko 0, na hakuna idadi ya mahamri iliyo chini ya sifuri. Hisabati haina jibu la swali hilo, na mara nyingi swali lenyewe limenakiliwa vibaya.

Simama ukiona nambari hasi, kama −7 ÷ 3. Hapo kuna makubaliano zaidi ya moja. Wapo wanaoandika −3 baki 2, kwani −9 + 2 ni −7, na lugha ya kompyuta iitwayo Python, ambayo huomba baki kwa alama `%`, hufuata hilo: `-7 % 3` inatoa `2`. Lugha nyingine za kompyuta, Java na C, hutoa `-1` kwa maandishi yale yale. Mwalimu wako atakwambia darasa lenu linafuata lipi.

Simama pia ukishafanya swali moja mara tatu na ukaguzi ukakataa mara zote tatu. Kufikia hapo kosa limo kwenye jedwali la kuzidisha au kwenye kukopa wakati wa kutoa, na macho yaliyolizoea hayalioni tena. Mpelekee mwalimu daftari lenye kazi yote, hatua kwa hatua, bila kufuta. Jibu la mwisho pekee halimwonyeshi ulipoteleza. Ile 8 iliyoachwa bila kulinganishwa na 6, kabla ya kushusha 5, ndiyo anayoitafuta.